Maana ya "Imefungwa"

Miaka ya tisini ilipokuwa katikati, nilikuwa karani wa karakana moja ya Changamwe iliyotengeneza friji na mashine za kupoza hewa. Kazi yangu ilikuwa kuketi mbele ya kompyuta na kujua kila mashine ilipofika. Mashine ikiingia, niliiandikia namba, aina yake, jina la mteja, tarehe na ubovu wake. Halafu kulikuwa na sehemu moja iliyoitwa HALI, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Hali kwetu zilikuwa sita tu: IMEPOKELEWA, INAKAGULIWA, INATENGENEZWA, INASUBIRI SPEA, TAYARI, na IMEFUNGWA. Hiyo ya mwisho maana yake mteja amechukua mashine yake, ametia sahihi, na kazi yenyewe tumeifunga. Fundi akinijia na neno jingine nilimrudisha akachague miongoni mwa hayo sita. Walisema nina roho ngumu. Nilikuwa nayo, na nilijisifu nayo.

Ndipo bosi wetu akanunua karakana nyingine ya kazi hiyo hiyo kule Likoni. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache na haraka nyingi. Alinijia mezani, akasema anataka orodha moja. Kila Jumatatu asubuhi aone mashine zote za Changamwe na za Likoni katika karatasi moja, aina moja ya maandishi, na nakala yake ipelekwe Likoni ili mafundi wa huko wafanye kazi kwa orodha hiyo. Nilimuuliza kama Likoni wana kompyuta. Akasema wanayo, na programu ni ile ile, kwa hiyo si kazi kubwa. Alinipa wiki mbili.

Programu ilikuwa ile ile kweli. Kilichowekwa ndani yake ndicho kilichonitoa machozi.

Aliyeitunza orodha ya Likoni alikuwa mzee mmoja wa huko huko, wa zile familia ambazo mababu zao walilima upande ule kabla bandari haijawa bandari. Alikuwa fundi wa friji miaka mingi mpaka mgongo ukamkatalia kuinua mashine, ndipo akapewa meza na kompyuta. Alivuka feri kuja kwetu siku ya kwanza na disketi mbili ndani ya bahasha ya kaki, kofia kichwani, shati limepigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, za wazazi, za watoto, za kazi, za joto la Changamwe na moshi wake. Mimi nilikuwa nimeshika disketi mkononi nikiingoja habari ya mwisho iishe niweze kuitia kwenye kompyuta.

Nilipofungua faili lake niliagiza programu ipange kila rekodi kwa hali na inionyeshe kila neno mara moja tu. Nilitarajia maneno kumi. Nilipata arubaini na moja.

Kulikuwa na TAYARI, na TAYAARI, na TAYARI KESHO, na TAYARI BADO MLANGO. Kulikuwa na YATENGEZWA na INATENGENEZWA na IMO KWA FUNDI. Kulikuwa na YANGOJA SPEA, YANGOJA GESI, YANGOJA MWENYEWE. Moja iliandikwa MWENYEWE AMESAFIRI, nyingine INSHALLAH ALHAMISI. Na moja, ambayo niliitazama kwa muda mrefu, ilisema tu MGONJWA.

"Mzee," nilimwuliza, "nani mgonjwa hapa? Friji au mteja?"

"Fundi," akajibu kwa upole. "Fundi aliyeishika alikuwa na homa. Asingeandika mtu, ungedhani ameilalia."

Nilimweleza kwamba hali ya mashine ni hali ya mashine, si ya fundi. Akakubali kwa kichwa, kisha akasema kwao mteja akipiga simu hupewa jibu la kweli, na jibu la kweli halitoshi katika maneno sita. Nikamwambia maneno arubaini na moja hayawezi kuhesabika. Akasema yeye hayahesabu, huyasoma. Tulikwenda hivyo mpaka saa sita, na mashabiki wetu walikuwa mafundi waliopita dirishani wakijifanya wanatafuta bisibisi.

Wiki ile ya kwanza ilinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilichora karatasi yenye safu mbili. Kushoto neno la Likoni, kulia neno letu litakalolichukua mahali pake. YANGOJA SPEA ikawa INASUBIRI SPEA. IMO KWA FUNDI ikawa INATENGENEZWA. Kila mstari tuliubishania. YANGOJA MWENYEWE ikawa TAYARI, na hilo peke yake lilikula nusu ya asubuhi, maana mzee alishikilia kwamba mashine inayongoja mwenyewe si sawa na mashine iliyo tayari leo. Moja mteja amekwisha kuambiwa, nyingine hajui bado. Alikuwa na haki, na kwa kuwa alikuwa na haki nilizidi kuudhika.

Namba zilikuwa balaa jingine. Sisi tulianzia moja na wao walianzia moja, kwa hiyo kila namba ilikuwa na pacha wake ng'ambo. Nilizitia herufi mbele, C kwa Changamwe na L kwa Likoni. Hilo lilikwenda vizuri. Tarehe nazo zilikuwa na mtego wake. Faili zote mbili zilikuwa na sehemu iitwayo TAREHE, nikadhani hapo hapana la kufanya. Nilipoangalia nikaona friji za Likoni zilizoingia wiki ijayo. Kumbe kwetu tarehe ni siku mashine ilipopokelewa, na kwao ni siku waliyomwahidi mteja. Jina moja, mambo mawili. Nilifungua sehemu mpya ya ahadi, nikazihamishia huko tarehe zake zote, nikajipongeza kwa jicho langu kali. Laiti ningekaa kidogo nikajiuliza kuna maneno mangapi mengine ya namna hiyo. Sikukaa.

Tuligombana kweli kweli juu ya sehemu moja tu. Yeye alikuwa na sehemu ndefu aliyoiita MAONI, ambamo aliandika kila kitu: friji imewashwa lini, mlango unalia, mteja anataka apigiwe jirani simu. Kwetu haikuwapo. Nikimwaga rekodi zake ndani ya faili letu, programu ilichukua zile sehemu zenye majina yanayolingana na za kwetu tu, na nyingine ikaziacha nje bila hata kulalamika. Mzee aliliona hilo mara moja. Aliuliza maoni yake yamekwenda wapi.

"Hayaji," nilimwambia. "Hakuna atakayeyasoma, mzee. Orodha ni ya bosi."

"Na mimi nayasoma," alisema.

Nilimwambia disketi zake anazo na akitaka kuyasoma atayakuta humo. Aliziweka ndani ya bahasha yake, akaniachia nakala moja, akaniaga vizuri kabisa akarudi kwao.

Jumamosi niliyaunganisha mafaili. Nilikuwa na karatasi yangu ya safu mbili, na neno baada ya neno niliiamuru programu ibadilishe. Nilipofika kwenye TAYARI niligundua kuwa programu, isipoambiwa vingine, hutazama mwanzo wa neno tu, kwa hiyo TAYARI BADO MLANGO ingehesabiwa tayari, na mwenye friji isiyo na mlango angepigiwa simu aje. Hilo nililiwahi. Nikarekebisha, nikaendelea. Mwisho niliomba tena orodha ya hali zote, nikaziona sita, zimejipanga kama watoto wa shule. Zote arubaini na moja zimekwenda. Nilirudi nyumbani nikaoga nikalala usingizi mzuri.

Katika karatasi ile kulikuwa na neno moja ambalo sikuliandika upande wa kushoto, kwa sababu halikuhitaji kubadilishwa. Faili la Likoni lilikuwa na IMEFUNGWA nyingi, na faili letu lilikuwa na IMEFUNGWA nyingi. Herufi kwa herufi zililingana. Tulibishana juu ya kila neno lililotofautiana, na lile lililofanana tukalipita bila kulitupia jicho. Mzee hakulitaja kwa kuwa hakuliona upande wa kushoto, penye maneno yake. Mimi sikumwuliza kwa kuwa sikuona la kuuliza.

Orodha ya Jumatatu ilichapwa ikatoka kurasa mbili, na kazi zilizofungwa hazikuchapwa, kama desturi yetu. Bosi aliipindua akaipindua tena. Alisema, "Nilidhani Likoni wana mashine nyingi kuliko hizi." Nikamjibu kwamba nyingi zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa, ila hakuna aliyewahi kuzisafisha. Alifurahi. Nakala ikavushwa Likoni, na mafundi wa huko wakaambiwa wazi kwamba kisichokuwamo katika orodha wasikiguse mpaka vilivyomo viishe.

Wiki ya pili ya orodha mpya, simu ililia mezani kwangu. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja upande wa Mtongwe. Alisema kwa adabu kwamba amepiga Likoni wakamwambia habari zote sasa ziko Changamwe. Alitaka kujua friji yao ya chanjo iko vipi. Nilimwuliza namba, nikaitia herufi ya L mbele, ikaja.

"Friji yako imefungwa, dada," nilimwambia. "Maana yake ilishachukuliwa."

Nikasikia akifunua karatasi.

"Imechukuliwa na nani?"

Nikasema na mteja. Akasema mteja ni yeye. Nikamwambia pengine mwenzake aliichukua. Akasema zahanati ina wauguzi wawili, na mwenzake amesimama hapo kando yake. Na mimi, badala ya kunyamaza nifikiri, nilimwambia kwamba kompyuta haikosei, aulize vizuri kwao. Neno hilo nimelikumbuka miaka mingi, na kila nikilikumbuka masikio yangu huwaka.

Kesho yake alikuja mwenyewe. Alivuka feri, akapanda magari mawili, akaingia ofisini kwetu na sare yake nyeupe na begi begani, akakaa kwenye kiti bila kungoja kukaribishwa. Hakunipigia kelele. Alinieleza tu kwamba tangu friji iondoke hubeba chanjo kutoka hospitali kubwa katika kasha la barafu kila siku ya kliniki, na barafu ya kasha haingoji mtu akikawia kivukoni. Wiki iliyopita ilikuwa imeyeyuka alipofika. Akawarudisha kina mama na watoto wao mgongoni, wengine waliokuja kwa miguu kutoka mbali, akiwaambia wiki ijayo friji itakuwa imerudi. Alikuwa amewaahidi hivyo kwa sababu siku ilipopelekwa, karakana ilimpa tarehe.

Tarehe hiyo ilikuwamo, katika sehemu yangu mpya ya ahadi. Ilikuwa imepita siku mbili.

Nilipiga Likoni. Mzee alipokea, akaanza na salamu, na kwa mara ya kwanza nilimkata mtu mzima salamu zake. Nilimtajia namba ya friji. Nikasikia anavuta kiti.

"Ipo hapa. Naiona nilipokaa."

"Lakini wewe uliandika imefungwa."

"Ndiyo, mwanangu. Imefungwa. Fundi alitia gesi, akarudisha ubao wa nyuma, akakaza skrubu zote. Haijajaribiwa. Ya chanjo huachwa iwake siku mbili na kipimajoto ndani. Twangoja iingie katika orodha yenu."

Nilishusha mkono wa simu nikauweka mezani bila kukata simu. Muuguzi alikuwa akinitazama. Nikamwambia friji yake iko Likoni, nzima, na kosa ni langu. Akauliza itarudi lini. Nikamwambia sitampa siku mpaka niwe nayo mkononi. Hilo, nadhani, ndilo jibu la kwanza la maana nililompa.

Shida ilikuwa kwamba friji ile haikuwa peke yake. Mzee alivuka siku ile ile baada ya adhuhuri. Tulizichambua IMEFUNGWA zote za Likoni na tukaona kwamba neno lile huko lilikuwa na maana mbili, si moja. Friji ikiandikwa imefungwa, maana yake imerudishiwa vifuniko vyake na inangoja kujaribiwa. Mashine ya kupoza hewa ikiandikwa imefungwa, maana yake imekwenda kufungwa ukutani kwa mteja, kazi imekwisha. Mafundi wote wa Likoni walilijua hilo bila kuelezwa. Ungemwuliza yeyote angekushangaa. Kazi za friji zilizokwisha kabisa wao huziandika IMETOKA, nami katika karatasi yangu niliigeuza IMETOKA ikawa IMEFUNGWA vile vile. Kwa hiyo ndani ya faili langu safi, friji zilizokwisha kwenda kwa wenyewe na friji zilizosimama sakafuni Likoni zilibeba neno moja, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Nisingeweza kurudisha faili la zamani na kuanza upya, kwa sababu kwa wiki mbili tulikuwa tumeshaandika kazi mpya na mabadiliko mengi juu ya lile jipya. Kilichotuokoa ni ile nakala ya disketi aliyoniachia. Tulifungua sehemu mpya katika faili letu, tukaiita HALIZAMANI, na kwa kufuata namba, rekodi kwa rekodi, tukairudishia kila kazi ya Likoni neno lake la asili likae kando ya lile jipya. Hapo IMETOKA zikajitenga na IMEFUNGWA. Kisha tukazigawa IMEFUNGWA kwa aina ya mashine. Za ukutani tukaziacha. Friji tukazitoa.

Zikabaki tisa ambazo sehemu ya aina ilikuwa tupu. Mzee alizitazama, akavua miwani akaifuta na ncha ya shati.

"Hizi ningekwambia mara moja," akasema, "ningekuwa na maoni yangu."

Hakulisema kwa kunisuta. Alilisema kama mtu anayetafuta kalamu yake. Nikachukua disketi, nikaongeza sehemu ya MAONI katika faili letu, nikayarudisha yote, na nikaipa upana wa kutosha ili maneno yake yasikatwe katikati. Yakaja: imewashwa Jumatatu, baridi nzuri. Mwenyewe asema rangi isiguswe. Imefungwa ghorofani, ngazi mbovu. Katika zile tisa, saba zilijieleza zenyewe. Mbili zilizobaki alimpigia fundi wa Likoni akamtuma azunguke sakafuni asome vibandiko vya mashine, huku sisi tumeshika simu tukisikia hatua zake.

Friji kumi na nne zilikuwa zimesimama Likoni, zimetengenezwa, hazijajaribiwa, kwa sababu orodha yangu ilisema hazipo.

Bosi alipojua alikuja na sauti juu. Alitaka kujua nani alisema neno hili ni lile. Nilifungua mdomo, lakini mzee alitangulia. Alisema neno lilikuwa lao, na wao hawakulieleza. Nikasema kuwa sikumwuliza. Bosi alitutazama sote wawili kama watu wanaomchelewesha, akasema hataki historia, anataka orodha. Akaondoka.

Friji ya chanjo iliwashwa jioni ile. Ilikaa siku mbili na kipimajoto chake, na mzee aliniandikia joto lake asubuhi na alasiri, yote ndani ya maoni. Siku ya tatu ilipelekwa Mtongwe, nami nikapiga simu zahanati. Muuguzi aliniambia ngoja kwanza. Aliweka simu mezani, akaenda kuisikiliza inavyowaka na kusoma kipimo, akarudi. Ndipo akasema ameipokea. Sikungoja fundi arudi na karatasi. Nilibadilisha hali pale pale.

Tulilifuta neno IMEFUNGWA kwa pande zote mbili, hata letu ambalo nililipenda. Mahali pake tukaweka INAJARIBIWA, IMEWEKWA KWA MTEJA, na IMEKABIDHIWA. Zikawa hali nane. Tuliandika maana ya kila moja kwenye kadi, sentensi moja moja, tukaibandika kando ya kila kompyuta, na mafundi wa karakana zote mbili wakaisoma mbele yetu na kusema wanavyoielewa. Wawili walituonyesha kwamba hata INAKAGULIWA haikuwa na maana moja. Nilikaribia kulia. Mzee alitoa kalamu akairekebisha kadi.

Na kazi haikuisha. Wiki chache baadaye bosi alinipigia akaamuru niongeze hali mpya iitwayo HARAKA, kwa ajili ya wateja wake wakubwa. Nilimweleza kwamba haraka si hali. Mashine inaweza kusubiri spea na ikawa ya haraka, inaweza kujaribiwa na ikawa ya haraka, na tukiandika haraka hatutajua tena imefika wapi. Haraka inahitaji sehemu yake peke yake. Akasema yeye hajui sehemu wala nini, aione tu asubuhi katika ile ile HALI.

Nilimpigia mzee. Nilimwamkia, nikamwuliza habari za nyumbani, za mgongo, za watu wa Likoni, zote, na nikangoja majibu. Kisha nikamwambia neno jipya la bosi.

"Haraka?" akasema. "Haya. Na ile isiyo ya haraka, tuiandikeje?"

Tulianza kubishana tena, mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kwake, akaniambia atanipigia baada ya sala.